KONA YA HESABU: Je, 91 ni namba tasa?

Shika kalamu na karatasi, na kama karatasi imekwisha, hata mchanga wa mbele ya nyumba unafaa.

Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja. Anasema kijana wake wa darasa la sita aliambiwa aandike namba tasa zote zilizo kati ya 80 na 100. Akaandika 83, 89, 91 na 97. Daftari likarudi na alama ya kosa kwenye 91. Nyumbani pakawaka moto. Baba kajaribu kugawa 91 kwa 2 ikakataa, kwa 3 ikakataa, kwa 5 ikakataa, akasema mtoto kaonewa. Kaka mkubwa akasema mwalimu hakosei. Mama anauliza: "Nani mkweli? Na je, kuna njia ya kujua kama namba ni tasa bila kubahatisha kugawa-gawa? Maana hii ni 91 tu. Ikija namba kubwa tutafanyaje?"

Tuanze na swali la kwanza, maana ni jepesi. Namba tasa ni ile ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Baba aliishia kwenye 5. Angesogea hatua moja tu mbele, akajaribu 7, angeona kwamba 7 mara 13 ni 91. Kwa hiyo 91 si tasa, na alama ya kosa ilikuwa halali. Kwa namba yoyote iliyo chini ya 100 inatosha kujaribu 2, 3, 5 na 7. Zikikataa zote nne, namba hiyo ni tasa, kwa sababu kigawo kikubwa zaidi kingeanzia 11, na 11 mara 11 tayari ni 121.

Swali la pili la mama ndilo lenye utamu. Njia ya kujua bila kutafuta vigawo ipo. Tutaitumia kwa 91 hiyo hiyo, ili muone inavyofanya kazi, na pia muone mahali inapodanganya. Kwa 91 yenyewe ni kama kuua mbu kwa rungu, lakini rungu hujifunzwa kwenye kitu kidogo.

Kwanza: kuhesabu kwa baki

Baki ni kile kinachobaki baada ya kugawa. Ukigawa 17 kwa 7, unapata 2 na baki 3. Sisi sote tunatumia baki kila siku bila kujua. Kama leo ni Jumatatu na mtu akakwambia njoo baada ya siku 17, huhesabu vidole 17. Unasema wiki mbili zimekwenda, zinabaki siku 3, basi ni Alhamisi. Wiki nzima nzima umezitupa, maana hazibadilishi siku.

Sasa kuna jambo moja ambalo ndilo msingi wa yote yanayofuata. Ukiwa unazidisha, unaweza kutupa wiki njiani, huna haja ya kungoja mpaka mwisho. Mfano, 17 mara 10 ni 170. Ukigawa 170 kwa 7 unapata baki 2. Jaribu njia ya mkato: baki la 17 ni 3, baki la 10 ni 3, na 3 mara 3 ni 9, baki lake ni 2. Jibu ni lile lile. Hii ndiyo inayotuwezesha kushika namba kubwa sana kwa mkono, kwa sababu kila tukiona namba inanenepa, tunaigawa, tunabakiza baki dogo, tunaendelea.

Kanuni yenyewe

Tuchukue 3, tuizidishe kwa yenyewe mara nyingi, na kila hatua tubakize baki la kugawa kwa 7. Tunaanza na 3. Mara 3 ni 9, baki 2. Mara 3 tena ni 6. Mara 3 ni 18, baki 4. Mara 3 ni 12, baki 5. Mara 3 ni 15, baki 1. Basi tumefika 3⁶, yaani 3 sita zilizozidishwa pamoja, na baki limekuwa 1. Ukiendelea, mzunguko unaanza upya: 3, 2, 6, 4, 5, 1.

Sasa fanya hivyo hivyo kwa 2, kwa 4, kwa 5 au kwa 6. Kila mara, kwenye kipeo cha 6 utakuta baki 1. Si bahati. Pierre de Fermat, mwanasheria wa mji wa Toulouse nchini Ufaransa, aliliandika jambo hili kwenye barua ya mwaka 1640. Anasema hivi: chukua namba tasa yoyote, na namba nyingine ambayo haigawanyiki kwa hiyo tasa. Ipandishe hiyo nyingine kwenye kipeo kilicho pungufu ya tasa kwa moja. Ukigawa kwa tasa, baki litakuwa 1, siku zote. Kwa 7 kipeo ni 6. Kwa 13 kipeo ni 12. Fermat hakuweka uthibitisho kwenye barua hiyo. Uthibitisho wa kwanza kuchapishwa ulikuwa wa Leonhard Euler, aliouwasilisha mwaka 1736.

Faida yake mnaiona mara moja. Tuseme leo ni Jumatatu. Baada ya siku 3¹⁰⁰ itakuwa siku gani? Hiyo 3¹⁰⁰ ina tarakimu 48. Ukiiingiza kwenye simu, kikokotoo kitakuonyesha 5.15 na kitu, halafu herufi E na 47. Hapo simu imekupa mwanzo wa namba na imekata mkia, na bila mkia huwezi kupata baki. Lakini sisi tunajua kwamba kila vipeo 6 vinarudisha 1. Katika 100 zimo sita ngapi? Kumi na sita, maana 6 mara 16 ni 96, na zinabaki 4. Kwa hiyo baki la 3¹⁰⁰ ni sawa na baki la 3⁴, yaani 81, na 81 gawa kwa 7 linabaki 4. Jumatatu ongeza siku 4: Ijumaa. Umeshinda simu.

Angalieni kosa moja ambalo wanafunzi wengi hulifanya hapa. Wanagawa 100 kwa 7, maana tunahesabu wiki. Hapana. Namba ya chini inapunguzwa kwa 7, lakini kipeo kinapunguzwa kwa 6, yaani pungufu ya tasa kwa moja. Ukichanganya, utapata 100 gawa kwa 7 baki 2, halafu 3² ni 9, baki 2, na utamwambia mwenzio aje Jumatano. Ukiwa na wasiwasi, andika mzunguko wenyewe kama tulivyofanya hapo juu, uhesabu una hatua ngapi.

Kwa nini inakuwa hivyo? Ulizeni shanga

Sitaki muiamini kanuni kwa sababu Mfaransa kasema. Tuchukue shanga. Mama anatunga bangili yenye shanga 5, na ana rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Kwanza anazipanga kwenye uzi ulionyooka. Anaweza kuzipanga kwa namna ngapi? Nafasi ya kwanza ina chaguo 2, ya pili 2, mpaka ya tano, kwa hiyo ni 2⁵, yaani namna 32. Kati ya hizo, mbili ni za rangi moja tupu: zote nyeusi au zote nyeupe. Tuziweke pembeni hizo mbili. Zimebaki 30.

Sasa mama anafunga uzi uwe bangili. Bangili ukiizungusha mkononi, ni bangili ile ile, ila mpangilio unaanzia ushanga mwingine. Kila bangili yenye rangi mbili, ukiizungusha ushanga mmoja mmoja, inakupa mipangilio 5 tofauti ya uzi kabla haijarudi ilikoanzia. Kwa hiyo ile mipangilio 30 inajigawa yenyewe kwenye mafungu ya tano tano, bila kubaki hata mmoja: mafungu 6, yaani bangili 6. Hii maana yake ni kwamba 2⁵ toa 2 lazima igawanyike kwa 5.

Kwa nini tasa inatakiwa? Jaribu shanga 4. Mipangilio ni 16, toa miwili ya rangi moja, inabaki 14. Nayo 14 haigawanyiki kwa 4. Kimetokea nini? Tazama bangili ya nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Ukiizungusha shanga mbili tu, imesharudi ilikoanzia. Fungu lake lina mipangilio 2, si 4, ndiyo maana hesabu imeharibika. Bangili inaweza kujirudia mapema hivyo pale tu idadi ya shanga inapogawanyika, kama 4 inavyogawanyika kwa 2. Lakini 5 ni tasa, haina kipande cha kujirudia, isipokuwa rangi iwe moja. Ukitaka rangi tatu, nne au mia, maneno ni yale yale.

Imebaki hatua ndogo. Hiyo 2⁵ toa 2 ni sawa na 2 mara (2⁴ toa 1). Jibu zima linagawanyika kwa 5. Nayo 5 ni tasa na haiingii kwenye 2, kwa hiyo lazima iingie kwenye 2⁴ toa 1. Hivyo 2⁴ gawa kwa 5 inabakiza 1. Kweli, 16 gawa kwa 5 ni 3 baki 1. Hapo ndipo tulipotaka kufika.

Sasa tuigeuze iwe kipimo

Kanuni inasema: kama namba ni tasa, basi baki ni 1. Kwa hiyo baki likikataa kuwa 1, namba hiyo si tasa, na hakuna mjadala. Tuipeleke 91 kwenye kipimo. Pungufu ya moja ni 90. Tunataka baki la 2⁹⁰ ukigawa kwa 91.

Hatuzidishi 2 mara tisini. Tunapanda kwa kuzidisha kila baki kwa lenyewe, ili kipeo kiwe maradufu kila hatua:

2² ni 4.
2⁴ ni 4 mara 4, yaani 16.
2⁸ ni 16 mara 16, yaani 256. Toa 91 mara mbili, linabaki 74.
2¹⁶ ni 74 mara 74, yaani 5476. Nayo 91 mara 60 ni 5460, linabaki 16.
2³² ni 16 mara 16 tena, linabaki 74.
2⁶⁴ ni 74 mara 74 tena, linabaki 16.

Sasa tunaivunja 90 kwa vipeo tulivyonavyo: 64 na 16 na 8 na 2, jumla 90. Kwa hiyo tunazidisha mabaki yao: 16, 16, 74 na 4. Tuanze: 16 mara 16, tumeshaona, linabaki 74. Hilo mara 74 linabaki 16. Hilo mara 4 ni 64. Tumemaliza. Baki ni 64, si 1.

Mama, jibu lako ni hilo. 91 si tasa, na tumejua bila kutaja 7 wala 13. Tumeizidisha mara chache tu, na namba kubwa tuliyoandika njiani ilikuwa 5476.

Lakini hapa pana hatari ya mkono wako mwenyewe. Ukikosea kuzidisha mahali pamoja, baki halitakuwa 1, na utaihukumu namba tasa isiyo na hatia. Kwa hiyo kabla ya kutoa hukumu, rudia hesabu upande mwingine wa karatasi. Angalia pia kwamba hakuna baki lililofikia 91 au kuzidi. Likizidi, hukumaliza kugawa. Na kama bado hujazoea, anza na tasa unayoijua. Mfano 13: 2¹² ni 4096, na 13 mara 315 ni 4095, baki 1. Ukipata hivyo, mkono wako uko sawa.

Mtego

Sasa tuseme kaka mkubwa naye anataka kupima, ila anatumia 3 badala ya 2. Anapiga hesabu: 3² ni 9, 3⁴ ni 81, na 3⁶ ni 9 mara 81, yaani 729. Nayo 91 mara 8 ni 728. Baki 1. Kwa hiyo kila vipeo 6 vinarudisha 1. Na 90 ni 6 mara 15, bila baki. Basi 3⁹⁰ inabakiza 1.

Kaka anaruka juu: "Baba alikuwa sawa! 91 ni tasa!" Hapana, kaka, kaa chini kwanza. Kila mbuzi ana miguu minne, lakini ukiona miguu minne gizani usiseme umepata mbuzi, huenda ni fisi. Kanuni inasema kila tasa hutoa 1. Haisemi kila inayotoa 1 ni tasa. Baki lisilo 1 ni hukumu. Baki la 1 ni dalili tu.

Mbele ya 91, namba 2 ni shahidi mkweli na namba 3 imedanganywa. Basi mtu atasema, tutumie 2 siku zote. Haisaidii, maana 2 nayo ina zake zinazoidanganya. Ya kwanza ni 341, ambayo ni 11 mara 31, lakini 2³⁴⁰ inabakiza 1. Tena kuna namba mbaya zaidi, ambazo hudanganya mashahidi wote, isipokuwa wale wenye kigawo cha pamoja na namba yenyewe. Ndogo kuliko zote ni 561, ambayo ni 3 mara 11 mara 17. Zinaitwa namba za Carmichael, kwa jina la Mmarekani Robert Carmichael aliyeziandikia mwaka 1910. Mwaka 1994 wanahesabu watatu, Alford, Granville na Pomerance, walithibitisha kwamba hazina mwisho. Kwa hiyo huwezi kuziandika zote kwenye orodha ukazikwepa.

Namna ya kuutegua mtego

Mtego hauteguliwi kwa kutupa kipimo. Unateguliwa kwa kutofika mwisho haraka. Kaka alifika 3⁹⁰ akaona 1. Mwambie arudi nusu ya njia, kwenye 3⁴⁵, maana 90 ni 45 mara mbili. Vipeo 42 vinajifuta kwa sita sita, vinabaki 3, na 3³ ni 27. Kwa hiyo 3⁴⁵ inabakiza 27. Ukizidisha 27 kwa 27 unapata 729, na baki ni 1, kama kaka alivyoona.

Sasa jiulize: ni namba gani ambazo ukizizidisha kwa zenyewe unabakiwa na 1? Ya kwanza ni 1 yenyewe. Ya pili ni ile iliyo pungufu ya namba yetu kwa moja, hapa 90. Kama namba yetu ingekuwa tasa, hizo mbili tu ndizo zingewezekana. Sababu ni hii. Ikiwa 27 mara 27 inabakiza 1, basi 27 mara 27 toa 1 inagawanyika kwa 91. Na 27 mara 27 toa 1 ni sawa na 26 mara 28. Piga mwenyewe: zote ni 728. Namba tasa ikigawanya 26 mara 28, lazima iingie nzima kwenye 26 au nzima kwenye 28. Nayo 91 ni kubwa kuliko zote mbili, haiwezi kuingia nzima popote. Kwa hiyo imeingia vipande vipande. Kipande cha 13 kimeingia kwenye 26, na kipande cha 7 kimeingia kwenye 28.

Mmeona? Shahidi yule yule aliyedanganywa, tulipomuuliza swali la nusu ya njia, amefichua yote, mpaka vigawo vyenyewe. Hata 561, inayodanganya kipimo cha kwanza, inanaswa hapa: 67 mara 67 ni 4489, na ukigawa kwa 561 linabaki 1, wakati 67 si 1 wala 560.

Kipimo hiki kilichoimarishwa kinaitwa kwa majina ya Gary Miller na Michael Rabin. Miller alitoa wazo lake mwaka 1976, na Rabin akalikamilisha mwaka 1980. Unagawa kipeo kwa 2 mpaka kifike namba witiri, unaanzia hapo, halafu unapanda kwa kuzidisha baki kwa lenyewe ukiangalia kila ngazi. Ukifika 1 kutoka kwenye baki lisilo 1 wala pungufu ya namba kwa moja, si tasa. Usipofika 1 kabisa, pia si tasa. Na kwa kipimo hiki hakuna namba inayoweza kudanganya mashahidi wote. Kwa kila namba witiri isiyo tasa, angalau robo tatu ya mashahidi wataifichua. Kwa hiyo ukichagua mashahidi 10 kwa kura, nafasi ya namba isiyo tasa kupenya wote ni chini ya moja katika milioni. Ukitaka uhakika zaidi, ongeza mashahidi.

Namba kubwa ziko wapi?

Mama aliuliza, ikija namba kubwa tutafanyaje. Namba kubwa zimeshakuja, ziko kwenye simu na kompyuta. Moja ya kufuli zinazofunga siri za mtandao, inayoitwa RSA tangu mwaka 1977, inatengenezwa kwa kuchukua namba tasa mbili kubwa sana na kuzizidisha. Siku hizi kila moja ya hizo tasa kwa kawaida huwa na tarakimu zaidi ya 300. Kompyuta inazipataje? Inachagua namba witiri kwa kura, inaipima kwa namna tuliyoona, ikianguka inatupwa, inachaguliwa nyingine. Kila shahidi anagharimu ngazi elfu moja na kidogo za kuzidisha, kazi ambayo kompyuta huimaliza kwa kufumba na kufumbua. Kuitafutia namba hiyo kigawo kwa kujaribu 2, 3, 5, 7 na kuendelea, kompyuta zote za dunia zisingemaliza.

Na hapo ndipo penye siri ya kufuli. Kipimo kinaweza kukwambia namba si tasa na bado kisikwambie vigawo vyake, kama 2 ilivyotupa 64 na kunyamaza. Kwa 91 tuliona 7 na 13 kwa sababu 3 ilidanganywa kwanza, kisha tukambana. Kwa namba mbili kubwa zilizochaguliwa vizuri na kuzidishwa pamoja, hilo halitokei kirahisi, na mwizi anabaki nje ya mlango.

Kazi ya mwezi huu

Swali la kwanza: leo ni Jumapili. Baada ya siku 5²⁰⁰ itakuwa siku gani? Kumbuka kipeo kinapunguzwa kwa ngapi.

Swali la pili: tafuta baki la 2⁷⁶ ukigawa kwa 77. Pandeni ngazi kama tulivyofanya: 2, 4, 8, 16, 32, 64, kisha uvunje 76. Halafu useme 77 ni tasa au si tasa, kwa kutumia baki hilo tu.

Swali la tatu ni la wakubwa: tunga kwenye karatasi bangili za shanga 6 kwa rangi mbili. Toa zile za rangi moja tupu, kisha utafute bangili zinazojirudia mapema, baada ya shanga 2 au baada ya shanga 3. Ziko ngapi, na zinaharibuje hesabu ya mafungu ya sita sita?

Majibu yaletwe shuleni, yaandikwe jina na darasa. Wazazi pia wanaruhusiwa kujibu, na yule baba wa 91 tunamngoja kwa hamu. Tutasahihisha kwenye toleo lijalo. Kwaherini kwa sasa.